Kukata nywele za mbele nyumbani kwa mwenye nywele za mawimbi: pima wiki mbili kabla ya kushika mkasi

Wiki iliyopita pekee walikuja kwangu wawili, na shida yao ilikuwa moja. Kila mmoja alikata nywele za mbele nyumbani, akazikata zikiwa zimelowa kwa sababu zikilowa hutulia na ni rahisi kuzichana, na akazikata sawasawa na nyusi. Zilipokauka zikapanda hadi katikati ya paji la uso, upande mmoja umejikunja kuelekea juu na mwingine umesimama. Nywele fupi hivyo hakuna fundi wa kuzirudisha. Kilichobaki ni kuzibana na kungoja.

Mwongozo huu ni kwa mwenye nywele za mawimbi, zile ambazo si singa wala si kipilipili. Zikilowa zinanyooka hadi begani, zikikauka zinajivuta na kuishia shingoni. Nywele fupi za mbele zinazoangukia kwenye uso nitaziita nywele za paji. Na kabla ya jinsi ya kukata, nataka ujue kama ukate au uache.

Watu wengi huniuliza, "Dada, nywele zangu zinapanda sana, nitaweza?" Kupanda sana si kizuizi. Nywele zikipanda kiasi kilekile kila siku, tutapiga hesabu na kuziachia urefu wa ziada. Za kuogopa ni zile ambazo Jumatatu zinapanda kidogo, Alhamisi zinapanda mara mbili yake, na kushoto hakulingani na kulia. Hizo hata ukizikata vizuri namna gani, zitakaa vizuri siku moja tu kwa wiki. Kwa hiyo vipimo vyote vilivyo hapa chini vinatafuta jibu la swali moja: zako zinatulia au zinabadilika?

## Vitu vya kuwa navyo

Tepu ya fundi cherehani, ile laini ya sentimita. Rula ya plastiki haifai kwa sababu haipindi juu ya paji.

Uzi wa kushonea wa rangi kali, mwekundu au wa manjano, usiofanana na nywele zako.

Kitana chenye mkia kwa ajili ya kugawa nywele, na kitana chenye meno mapana kwa kuchania.

Vibanio vinne au vitano, na kalamu na karatasi. Usitegemee kichwa kukumbuka namba.

Mkasi wa kukatia nywele. Kariakoo unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya saluni, na huo uwe wa nywele peke yake. Mkasi uliokata karatasi, vifuko vya maziwa au nyuzi za nguo umeshapoteza makali. Badala ya kukata huwa unausukuma unywele mbele yake, na ncha inabaki imechanika. Ncha ya namna hiyo hujikunja ovyo zaidi kuliko ulivyokusudia. Wembe pia uweke pembeni kabisa. Kwenye nywele za mawimbi unakwangua ncha na kuzifanya zifumuke.

Mkasi hautatumika wiki ya kwanza. Kama unaogopa kushawishika, ununue baadaye.

## Hatua ya 1: Osha, ziache zikauke zenyewe, kisha uzitazame

Osha kwa shampuu, tia kondishena kama kawaida yako, suuza vizuri. Baada ya hapo usipake kitu: si mafuta, si jeli, si krimu. Usitumie draya wala pasi ya nywele. Kamua maji kwa fulana ya pamba bila kusugua, chana mara moja kwa kitana cha meno mapana, halafu uziache. Usizishike tena hadi zikauke kabisa, na kwa hewa ya Dar nywele nzito zinaweza kuchukua saa nne au zaidi hata ukiwa karibu na feni.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba jeli na krimu hubeba unywele na kuushikilia. Ukipima ukiwa umepaka, utakuwa umepima jeli.

Zikiwa bado zimelowa, tazama kishungi cha mbele kuanzia mzizi hadi ncha. Je, mawimbi yanafanana kote? Mtu aliyezoea kupiga pasi nywele za mbele mara nyingi huwa na mzizi wenye mawimbi na ncha iliyonyooka kama ufagio. Ncha hiyo imeungua na mawimbi yake hayarudi. Hapa kuna mtego mkubwa. Ukipima kishungi kizima, ile ncha iliyonyooka itafanya nywele zionekane hazipandi sana, kisha utaikata na kuitupa, utakayobaki nayo ni sehemu ya mzizi inayopanda kwa nguvu zote. Aliyetia dawa ya kulainisha miezi michache iliyopita yuko kwenye hali hiyohiyo. Kama ndivyo ulivyo, pima sehemu ya mzizi tu: funga uzi pale mawimbi yanapoishia na uhesabu hapo kuwa ndiyo ncha yako.

Ukiona ngozi kwenye ukingo wa paji kwa sababu nywele zimepungua kutokana na kusuka kwa kubana, simama hapa. Nywele hizo chache hazitoshi kutengeneza nywele za paji, na ukikata za nyuma yake utaufanya upungufu uonekane zaidi.

Hatua imefanikiwa ukiwa na nywele kavu zisizo na kitu chochote, na ukijua mawimbi yako yanaanzia wapi na kuishia wapi.

## Hatua ya 2: Pima kishungi kilekile kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu

Chagua kishungi cha katikati mbele, unene wa penseli. Funga uzi mwekundu karibu na mzizi, usikaze, ili kesho na keshokutwa ukipate kilekile. Fanya hivyo pia kwa kishungi kimoja juu ya nyusi ya kushoto na kimoja juu ya nyusi ya kulia. Jumla vitatu.

Kikiwa kimelowa, kichane kinyooke na upime kutoka kwenye mzizi hadi kwenye ncha. Andika. Kikishakauka, kiache kining'inie chenyewe na upime tena umbali ulionyooka kutoka mzizi hadi ncha. Usifuate mapindo yake na usikivute hata kidogo. Nimeona watu wakikivuta "ili tepu ikae vizuri". Ukivuta, namba haina maana tena.

Nichukue mfano wa mpwa wangu, binti wa dada, mwenye miaka 19. Alikuja Jumamosi ameshika mkasi mkononi. "Mama mdogo, nikatie tu, nimeshaamua." Nikamwambia mkasi auweke kabatini, anipe siku kumi na nne. Kishungi chake cha katikati kilikuwa na sentimita 26 kikiwa kimelowa, na 21 kikiwa kikavu. Kimepoteza 5, karibu sehemu moja ya tano. Kushoto kilipoteza 5 vilevile. Kulia kilipoteza 6.

Kwa nini kinapungua? Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo ambavyo maji huvifungua. Unywele uliolowa unalegea, na uzito wa maji unauvuta chini, ndiyo maana unaonekana mrefu. Maji yakitoka, vifungo vinajifunga upya katika umbo unywele ulilozaliwa nalo, mawimbi yanarudi, na ncha inapanda. Hakuna kilichopotea, umeona tu hali mbili za unywele mmoja. Ila unatembea mjini na ile kavu.

## Hatua ya 3: Rudia vipimo katika siku tatu zisizofanana

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayobeba uamuzi wote.

Siku ya kwanza umeshapima: umeosha, umekaa ndani, nywele zimekauka kwa feni.

Siku ya pili ipange iwe siku ya kutoka. Panda daladala saa za jioni, tembea kwa miguu, pata jasho. Ukirudi, kabla ya kuoga, pima vile vishungi vitatu. Jasho la paji hulowesha mizizi, na mvuke ulio hewani unafanya kazi ileile ya maji: unafungua vile vifungo kidogo kidogo, na nywele ulizolala nazo zikiwa zimetulia zinaanza kupanda na kutawanyika. Ukiishi karibu na bahari au ukivuka kivuko cha Kigamboni kila siku, pima baada ya kuvuka.

Siku ya tatu badilisha maji, kama nyumbani kwako maji hubadilika. Nyumba nyingi za Dar hutumia maji ya bomba wiki hii, yakikatika wanachota ya kisima, na visima vingi hapa vina chumvi. Utaijua chumvi kwa povu: shampuu haitoi povu kama kawaida, na nywele zikikauka zinakuwa ngumu mkononi. Zilizokauka na chumvi huwa hazikai kama zilizooshwa kwa maji laini. Unataka kujua tofauti hiyo kabla ya kukata, usije ukaigundua asubuhi ya harusi.

Mpwa wangu alipata hivi kwa kishungi cha katikati: siku ya ndani 21, jioni ya daladala 20, siku ya maji ya kisima 20 na nusu. Tofauti kati ya siku bora na siku mbaya ni sentimita 1. Hizo ni nywele zinazotulia. Wiki hiyohiyo jirani yake alijipima kwa sababu alivutiwa. Kishungi chake chenye sentimita 28 kikilowa kilisoma 22, 18 na 20. Tofauti ya sentimita 4. Nilimwambia pale pale asikate nyumbani, na nitaeleza sababu tukifika kwenye uamuzi.

Angalizo la msimu. Ukipima miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa huwa nyepesi kidogo na nywele hutulia. Mwezi Machi mvua za masika zikianza, au kwenye joto la kaskazi la Januari na Februari, utakutana na kichwa kingine. Kama umepima wakati wa kipupwe, chukua namba yako mbaya kuliko zote na bado uongeze sentimita moja kwenye hesabu ya hatua ya tano.

Hatua imefanikiwa ukiwa na karatasi yenye vishungi vitatu na siku tatu, namba tisa za nywele kavu.

## Hatua ya 4: Pima paji kwa uzi, juu ya kidole

Unafikiri umbali ni kutoka ukingo wa nywele hadi nyusi. Siyo. Nywele za mawimbi hazilali juu ya ngozi. Zinanyanyuka kwanza kwenye mzizi, kisha zinapinda na kushuka. Njia yao ni ndefu kuliko ya ngozi.

Shika ncha ya uzi kwenye ukingo wa nywele, katikati. Weka kidole chako kimoja kimelala chini ya uzi, karibu na mzizi. Pitisha uzi juu ya kidole ushuke hadi pale unapotaka nywele ziishie. Bana hapo, nyoosha uzi juu ya tepu. Mpwa wangu alikuwa na sentimita 6 za ngozi kutoka ukingo hadi nyusi. Uzi uliopita juu ya kidole ulitoka sentimita 7 na nusu. Hiyo moja na nusu peke yake inatosha kumfanya mtu alie mbele ya kioo.

Ukiwa hapo, tazama mizizi ya ukingo wa paji. Wengine wana sehemu ambapo nywele zinaota kwa mzunguko, au zinaelekea juu na pembeni badala ya kushuka. Ziloweshe, zisukume zote mbele kwa kiganja, uone zinagawanyika wapi. Zikigawanyika kwa nguvu katikati kila ukizisukuma, nywele fupi zitagawanyika hapohapo na kuacha mwanya. Kwa mtu huyo nywele za paji za katikati hazitakaa, ila zile ndefu zinazogawanyika na kuangukia kwenye mashavu zinaweza kumfaa.

## Hatua ya 5: Piga hesabu

Chukua urefu wa uzi. Zidisha kwa urefu wa kishungi kilicholowa. Gawanya kwa urefu wake mkavu wa siku mbaya kuliko zote. Jibu ni urefu ambao nywele zikilowa zinapaswa kuwa nao ili zikikauka zifike unapotaka.

Kwa mpwa wangu: 7.5 mara 26, gawanya kwa 20. Inakuja 9.75.

Bado hatujamaliza. Kishungi ulichopima ni kirefu, na urefu wake una uzito unaoyanyoosha mawimbi. Ukikata nusu yake au zaidi, uzito unaondoka na kilichobaki kinapanda kuliko kipimo kilivyosema. Mimi huongeza sentimita 2 kwa sababu hiyo. Kwa hiyo 9.75 ikawa karibu 12. Nywele zake zikilowa, sentimita 12 kutoka ukingo zinafika chini ya pua.

Simama hapo uone ulipo mtego. Aliyetaka nywele za kwenye nyusi, akikata zikiwa zimelowa mkato wake uko chini ya pua. Angekata kwenye nyusi zikiwa zimelowa, yaani sentimita 6, zingekauka na kubaki na 4 na nusu au chini yake, na sehemu ya hizo ingeishia kwenye kunyanyuka kwa mzizi. Ndivyo walivyofika katikati ya paji wale wawili wa wiki iliyopita.

## Hatua ya 6: Kata kishungi kimoja cha majaribio

Hesabu inakadiria. Kishungi cha majaribio kinaonyesha.

Gawa nywele za mbele katikati. Ingia ndani ya eneo ambalo lingekuwa nywele za paji, sentimita moja na nusu nyuma ya ukingo, uchukue kishungi chembamba chenye unene wa vijiti viwili vya kiberiti. Kikate kwa urefu wa hesabu yako kikiwa kimelowa. Kwa mpwa wangu ilikuwa 12. Kwa unene huo hakuna atakayekiona, na ukiahirisha unakibana na pini au unakichanganya na nywele za juu.

Kaa nacho siku saba, ukiosha nywele angalau mara mbili. Kila asubuhi na kila jioni kitazame kilipofikia kwenye uso na uandike: nyusi, jicho, ncha ya pua. Kikiwa peke yake hupanda zaidi kidogo kuliko kitakavyopanda kikiwa na wenzake wa kukishikilia, kwa hiyo kinakukadiria kwa upande wa usalama.

Siku hizo saba zitumie kujua na jambo jingine: maisha yako yanaruhusu? Bana nywele zako za mbele kwa kuzikunja, ncha zikiangukia paji, utoke nazo mchana mzima. Jasho la paji litazilowesha na kuzigawanya vishungi vishungi. Ukivaa mtandio kazini na kuuvua nyumbani, zitakuwa zimelala kuelekea nyuma na hazitashuka mpaka uziloweshe tena. Kofia ngumu ya bodaboda inafanya hivyohivyo, na vibaya zaidi. Mtu anayevaa mtandio siku nzima mara nyingi ananiambia angependa nywele za paji za nyumbani tu, na mimi humwambia aendelee kuzikunja na kubana, kwa sababu anapata sura ileile bila kukata.

Mpwa wangu aliandika "jicho" mara kumi, "juu kidogo ya jicho" mara nne. Hakuna siku kilipofika kwenye nyusi.

## Hatua ya 7: Amua

Sasa una karatasi. Hivi ndivyo mimi huisoma, na ni vipimo vyangu vya kazini.

Kata nyumbani kama tofauti kati ya siku bora na siku mbaya haizidi sentimita 2 kwa kishungi kirefu, kushoto na kulia havipishani zaidi ya sentimita 1, na kishungi cha majaribio hakikuhama zaidi ya upana wa kidole kwa siku saba. Hata kama nywele zako zinapoteza robo nzima zikikauka, sawa. Umeshalipia kwenye hesabu.

Kata ndefu tu, za kufika kwenye mifupa ya mashavu, kama zinapoteza theluthi au zaidi, au kama zinagawanyika katikati kwa nguvu. Huko chini nywele zina uzito wa kuzishikilia, na zikipanda sentimita 2 bila taarifa bado ziko usoni pazuri.

Usikate kama namba za siku tatu zinarukaruka kama za yule jirani. Yeye siku ya kipimo cha 22 nywele zingekuwa kwenye nyusi, siku ya kipimo cha 18 zingepanda zaidi ya sentimita nzima juu ya nyusi, na kwenye paji lenye sentimita 6 hilo ni jambo la kila mtu kuona. Kulitibu angehitaji draya kila asubuhi, kwenye nywele zilezile za mbele ambazo ni dhaifu kuliko zote, na umeme ukikatika hana la kufanya. Kuungua kwa ncha kungemletea tatizo la hatua ya kwanza. Akitaka sana, aende kwa fundi anayekata nywele za mawimbi zikiwa kavu, na amuulize hilo kabla ya kukaa kwenye kiti. Fundi akisema lazima alowe au apigwe pasi kwanza ndipo akate, ashukuru na aondoke.

Ahirisha kama una shughuli ndani ya wiki sita. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, na kwako sehemu yake huliwa na mawimbi. Kosa la sentimita 3 ni miezi mitatu au minne ya vibanio.

## Hatua ya 8: Mkato wa kwanza, nywele zikiwa kavu

Umefika hapa kwa sababu jibu ni kata. Osha, kausha zenyewe kama hatua ya kwanza. Kata mchana karibu na dirisha, kamwe usiku. Usichane baada ya kukauka.

Kupata eneo: laza kitana juu ya kichwa, kutoka paji kuelekea nyuma. Kuna mahali kichwa kinapoanza kuinama kuelekea mbele na kitana kinabaki hewani. Hapo ndipo kilele cha pembetatu yako. Kutoka hapo chora mistari miwili kwa mkia wa kitana ishuke hadi juu ya kilele cha kila nyusi, pale inapopinda. Usiende pembeni zaidi. Nywele za panja zikiingia, upana utakuzidi na hutaweza kuzificha. Bana zilizobaki zote nyuma kwa vibanio.

Nywele za pembetatu ziache zidondoke zenyewe usoni. Chukua kishungi kimoja cha katikati jinsi kilivyojikusanya chenyewe, kishike kwa vidole viwili bila kukivuta, ukate kwenye urefu wa ncha ya pua, au kwenye shavu kwa waliochagua ndefu. Shika mkasi ukielekea juu, ncha yake ikiingia ndani ya nywele kidogo kidogo. Ukikata kwa mlalo, kila wimbi litapanda kivyake na ule mstari ulionyooka utageuka meno ya msumeno.

Endelea kishungi kwa kishungi, kushoto kimoja, kulia kimoja, ukiacha vya pembeni virefu zaidi kidogo kuliko vya katikati. Usizikusanye zote mkononi na kuzisokota kisha kukata mara moja. Zikisokotwa, za nje zinasafiri njia ndefu kuliko za ndani, na ukiachia utapata urefu wa kila namna.

Ukimaliza zitakuwa ndefu, zinaingia machoni, na utatamani kuendelea. Weka mkasi kabatini. Hatua imefanikiwa kama nywele ni ndefu kuliko unavyotaka na pande mbili zinafanana.

## Hatua ya 9: Mkato wa pili, baada ya kuosha mara mbili

Siku chache za kwanza mawimbi yanatafuta pa kukaa baada ya kupoteza uzito. Osha mara mbili, siku mbili tofauti, ziache zikauke. Ndipo utazame tena, kwa siku yenye joto.

Sasa kata nusu sentimita tu kwa kila kishungi, zikiwa kavu, mkasi uleule ukielekea juu. Acha nusu siku. Rudia kama bado. Ukiona kishungi kimoja kinapanda kuliko wenzake, kiache kama kilivyo. Kukisawazisha kunakulazimu ukate wengine wote wakifuate kilipo.

Mpwa wangu alikata mara tatu kwa siku tisa. Mara ya kwanza ncha ya pua, ya pili nusu sentimita katikati na kushoto, ya tatu nusu sentimita katikati peke yake. Kulia, kule kulikopoteza 6, hatukugusa mara ya pili wala ya tatu. Sasa zinaishia kwenye kope siku ya kawaida na kugusa nyusi siku ya jasho. Asubuhi anazilowesha kwa vidole, anazisukuma mbele, anaziacha zikauke wakati anakunywa chai.